Pleti Kwanza: Mwongozo wa Kupanga Sini ya Skrini ya Kijani

Sini nyingi za skrini ya kijani zinaharibika kabla kitambaa hakijatundikwa. Waigizaji hurekodiwa leo, kisha wiki mbili baadaye mtu anatafuta picha ya nyuma ya kuwabandikia. Hapo mwanga unatoka upande mwingine, kamera ilikuwa juu zaidi, na hakuna programu inayoweza kurekebisha hayo bila kuacha alama. Mpangilio unaofanya kazi ni wa kinyume. Video ya nyuma, yaani pleti, inapigwa kwanza. Vipimo vyake vinaandikwa, na vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua skripti, taa na mahali pa kusimama.

Mwongozo huu unafuata sini moja tangu pleti hadi jaribio la mwisho. Watu wawili, Zawadi na mjomba wake, wako juu ya paa la ghorofa wakati wa alasiri. Nyuma yao kuna ukuta mfupi wa paa, kisha mji na mnara mwembamba kwa mbali. Kamera imefungwa kwenye tripodi na haisogei. Kamera inayotembea ni kazi nyingine kabisa. Usiianze kabla hujaiweza hii.

Kupiga pleti na kuandika vipimo vyake

Panda paani na kamera ileile utakayotumia studio, lenzi ileile, tripodi na futi ya kupimia. Katika mfano wetu kamera ina sensa, yaani kibamba cha ndani kinachopokea picha, yenye upana wa milimita 36, na lenzi ya milimita 35. Urefu kutoka sakafu hadi katikati ya lenzi ni mita 1.2, na kamera imelala sawa kwa pimamaji, haikuinamishwa wala kuinuliwa.

Kulaza kamera sawa kuna faida kubwa. Kamera ikiwa sawa, mstari wa upeo wa macho unapita katikati ya fremu, na kila kitu chenye urefu sawa na lenzi kinagusa mstari huo, kiwe karibu au mbali. Kamera ikiwa mita 1.2, mstari wa upeo unampita kifuani kila mtu aliyesimama kwenye sakafu ileile. Jicho la mtazamaji linaijua kanuni hii hata kama hajawahi kuisikia. Ukimbandika mtu ambaye upeo unampita magotini, ataonekana jitu. Upeo ukipita juu ya kichwa chake, ataonekana mtoto.

Sasa msimamishe mtu mita 3 mbele ya lenzi, pale ambapo waigizaji wangesimama. Mfunge utepe kwenye shati kwenye urefu wa mita 1.2 kutoka sakafuni, mpe kadi ya kijivu aishike karibu na uso, umrekodi kwa sekunde 30. Mwambie ageuke polepole mzunguko mzima. Kipande hiki hakitaonekana kwenye filamu, lakini ndicho chenye thamani kuliko vyote. Kinakuonyesha jua linapiga shavu lipi, kivuli kina weusi kiasi gani, rangi ya ngozi kwenye mwanga ule ikoje, na kivuli cha mtu kinaanguka wapi sakafuni. Kisha mwondoe, na bila kugusa kamera rekodi pleti tupu. Irekodi kwa muda mrefu kuliko sini yenyewe. Sini ya dakika moja na nusu ipewe pleti ya dakika tatu. Fanya yote mawili ndani ya dakika kumi, maana jua huzunguka nyuzi 15 kila saa na jioni rangi yake hugeuka haraka.

Pleti ipigwe ikiwa kali yote, kwa tundu la lenzi la f/8 hivi, hata kama unataka nyuma iwe na ukungu. Ukungu huongezwa baadaye kwenye uhariri, lakini ukungu uliorekodiwa hautoki. Mizani ya rangi iwe namba maalumu, hapa 5600 K, isiwe ya otomatiki. Kama filamu itatoka kwa upana wa pikseli 1920, piga pleti kwa 3840 ili upate nafasi ya kuisogeza kidogo.

Jua linahitaji vipimo viwili. Urefu wake unaupata kwa fimbo ya mita moja iliyosimama wima: pima kivuli chake. Paani petu kivuli ni mita 2, kwa hiyo kila mita moja ya kwenda juu inalingana na mita mbili za kwenda pembeni. Uwiano huo tu unatosha, huhitaji nyuzi. Upande wa jua unauandika kwa uso wa saa uliolazwa sakafuni, mwigizaji akiwa katikati na kamera kwenye namba 6. Jua letu liko namba 8, yaani kushoto mwa kamera na mbele kidogo ya mwigizaji. Katika karatasi zako andika “namba 8”, usiandike “saa”. Ukimwambia fundi wa taa “saa nane”, atapeleka taa namba 2, upande wa pili kabisa, na atakuwa sahihi.

Mwisho, elekeza kadi ya kijivu kwenye jua na usome kipimo cha mwanga, kisha igeuze itazame kivulini usome tena. Tuseme kwenye jua inasoma f/11 na kivulini f/4. Hizo ni stopu tatu, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Tofauti hiyo iandike kwa kalamu nene, kwa sababu studio utaitafuta tena.

Kuandika sini ukiwa na pleti mbele yako

Skripti ya skrini ya kijani inaandikwa au kurekebishwa baada ya pleti kupatikana. Mwandishi anapaswa kujua fremu inaanzia na kuishia wapi. Hesabu ni nyepesi: upana wa kinachoonekana ni umbali mara upana wa sensa, gawanya kwa milimita za lenzi.

```
3 m × 36 / 35 = 3.09 m upana
3.09 × 9 / 16 = 1.74 m kimo
```

Kwa lenzi iliyo mita 1.2 juu, fremu pale waliposimama waigizaji inaanzia sentimita 33 kutoka sakafuni hadi mita 2.07. Kwa hiyo nyayo hazionekani, na hilo ni la makusudi. Mguu unaogusa sakafu ya pleti ndio mahali pagumu kuliko pote: unahitaji kivuli cha mguso, unahitaji sakafu iwe kijani safi, na ukikosea kwa sentimita chache mtu anaelea. Sini ikiweza kuishi bila nyayo, iandike bila nyayo. Vivyo hivyo, asiwepo mtu anayeegemea ukuta wa paa ulio kwenye pleti. Kama lazima aegemee kitu, kitu hicho kiwe halisi, kiletwe studio, na kisiwe kwenye pleti.

Ukurasa wa sini yetu unakuwa hivi:

SINI 12. NJE. PAA LA GHOROFA – ALASIRI

PLETI 12A: kamera tuli, lenzi 35, urefu 1.2, sawa. Jua namba 8, uwiano 1 kwa 2. Tofauti ya jua na kivuli stopu 3. Mnara uko theluthi ya kulia ya fremu. Upepo mdogo kutoka kushoto.

Zawadi kwenye alama A (kushoto), Mjomba alama B (kulia). Wote wanatazamana.

MJOMBA: Mnara ule unauona? Ule mwembamba.

Zawadi anageuka nyuma. MACHO: alama M1. Mjomba anageuka baada yake. MACHO: alama M2.

ZAWADI: Nauona, mjomba.

MJOMBA: Nyumba yetu ilikuwa chini yake.

Maelezo hayo yakae ndani ya skripti yenyewe, si kwenye karatasi ya pembeni, kwa sababu karatasi ya pembeni hupotea siku ya kurekodi. Angalia pia neno “upepo”. Kama kwenye pleti nguo zilizoanikwa zinapepea, nywele na kanga ya Zawadi haziwezi kutulia kama ziko ndani ya chumba. Feni ndogo kutoka kushoto, kwa kasi ya chini, inatosha. Kasi kubwa huchafua sauti na kurusha nywele ambazo utateseka kuzikata.

Nafasi: kamera, waigizaji, kitambaa

Studio, weka kamera kwenye mita 1.2 na ulaze sawa kwa pimamaji. Kama sensa ya kamera ya studio ni tofauti na ya pleti, zidisha milimita za lenzi ya pleti kwa upana wa sensa ya studio, ugawanye kwa upana wa sensa ya pleti. Sensa ya milimita 23.5 ingetaka lenzi ya karibu milimita 23.

Kuna jaribio la dakika moja la kuhakikisha urefu na ulalo. Bandika kipande cha utepe ukutani kwenye mita 1.2, kingine kwenye stendi ya taa iliyo mita 2 mbele ya kamera, pia kwenye mita 1.2. Vikilingana katikati ya fremu, kamera iko sahihi. Kimoja kikiwa juu ya kingine, urefu umekosewa. Vikilingana lakini nje ya katikati, kamera imeinama au imeinuka.

Waigizaji wako mita 3 kutoka kwa lenzi na kitambaa mita 3 nyuma yao, yaani mita 6 kutoka kwa kamera. Umbali huo wa mita 3 ndio dawa ya kwanza ya kijani kinachorudi kwenye mabega na nywele. Chini ya mita 2 utaanza kuona ukingo wa kijani kwenye taya na kwenye mikono ya shati jeupe, na kuuondoa kwa programu huibadilisha rangi ya ngozi.

Je, kitambaa kiwe kikubwa kiasi gani? Kwa mita 6 fremu ina upana wa zaidi ya mita 6, na wengi hukata tamaa hapo. Lakini huhitaji kijani kwenye fremu nzima. Unahitaji kijani nyuma ya kingo za miili inayosogea tu. Kilichobaki, ukuta, stendi, waya, kinakatwa kwa mstari wa mkono kwenye programu. Waigizaji wetu wanatumia eneo la upana wa mita 1.8. Kitambaa kiko mbali mara mbili, hivyo eneo hilo linafunika mita 3.6 ukutani. Kitambaa cha upana wa mita 4 kinatosha.

Sakafu huwashangaza wengi. Nyayo hazionekani, kwa hiyo mtu anadhani sakafu haihusiki. Ila ukingo wa chini wa fremu unashuka kadiri unavyokwenda mbali, na unaigusa sakafu kwenye mita 4.1 hivi kutoka kwa kamera. Kuanzia hapo hadi ukutani, karibu mita 2 za sakafu zinaonekana nyuma ya magoti ya waigizaji. Kitambaa kinapaswa kushuka ukutani na kusonga mbele sakafuni kwa mita 2, kikipinda taratibu bila kukunjwa pembe kali, maana pembe hutengeneza mstari mweusi. Juu, mkono ulioinuliwa hadi mita 2 unaonekana mbele ya sehemu ya ukuta yenye urefu wa mita 2.8. Mita 3 juu na 2 chini: kitambaa cha urefu wa mita 5.

Alama A iko sentimita 45 kushoto mwa mstari wa katikati ya lenzi, B sentimita 45 kulia. Zibandike sakafuni kwa utepe wenye umbo la T, vidole vya miguu vikigusa mstari, na uwaambie waigizaji mipaka yao: sentimita 45 kila upande wa nje, basi. Zaidi ya hapo mkono unatoka kwenye kijani.

Macho yanahitaji uangalifu wa pekee katika sini hii. Wote wawili wanatazama mnara ulio mbali sana. Watu wawili wakitazama kitu cha mbali, mistari ya macho yao huwa sambamba. Ukibandika alama moja ukutani na kuwaambia wote waitazame, macho yao yatakutana mita 3 nyuma yao, na mtazamaji ataona wanatazama kitu kilicho karibu, pengine ukuta wa paa. Kwa hiyo kila mmoja ana alama yake, M1 na M2, zikiachana sentimita 90, sawa na wao wenyewe walivyoachana. Zitengeneze kwa utepe wa kijani kilichokoza kidogo kuliko kitambaa. Mwigizaji ataziona, na programu bado itazikata.

Taa: kwanza kitambaa, kisha jua

Kitambaa kiwashiwe peke yake, waigizaji wakiwa nje na taa zao zimezimwa. Taa mbili laini, moja kila upande, zimeelekezwa kwa pembe ili kila moja ipige zaidi upande wa mbali wa kitambaa. Kivute kwa vibanio mpaka mikunjo iishe, kwa kuwa kila mkunjo ni kivuli. Kwenye onyesho la Waveform la kamera au monita, yaani grafu ya mwangaza kutoka 0 hadi 100, kijani kinapaswa kuwa mstari mwembamba ulionyooka, karibu na 45 hadi 50. Mstari ukiinama upande mmoja, taa inayopiga upande huo iko mbali au dhaifu. Ukiwa mnene, kuna mikunjo. Kosa la kawaida ni kuwasha kitambaa sana kwa kudhani kijani kikali hukatika vizuri zaidi. Kijani kikali hurudi tu kwa wingi kwenye mwili. Kama waigizaji wanasoma f/5.6, kitambaa kisome kati ya f/4 na f/5.6, na pembe zake zisitofautiane zaidi ya theluthi ya stopu.

Sasa jua. Jua la alasiri lina kingo kali, kwa hiyo taa kuu ni taa moja yenye nguvu, bila sanduku la kulainisha. Iweke namba 8. Uwiano wa fimbo ulikuwa 1 kwa 2, hivyo taa iliyo mita 4 kutoka kwa waigizaji inakaa mita 2 juu ya uso wao, yaani kama mita 3.5 kutoka sakafuni. Dari likiwa fupi unaweza kuisogeza hadi mita 2.5 na kuishusha hadi mita 2.75, lakini kuna gharama. Jua linawapiga watu wote sawa. Taa iliyo karibu humpiga zaidi aliye jirani nayo. Kwa mita 2.5, Zawadi atapata karibu robo tatu ya stopu zaidi ya mjomba wake, na tofauti hiyo inaonekana. Kwa mita 4 inabaki chini ya nusu stopu. Kinachobaki kipunguze kwa kuning’iniza wavu mwembamba mweusi kwenye sehemu ya mwanga inayomwendea Zawadi.

Kivuli cha kichwa kutokana na taa hiyo kinaanguka karibu mita 4 kuelekea namba 2. Kwenda nyuma ni kama mita 2 tu, kwa hiyo hakifiki ukutani, ingawa kinapita kwenye kitambaa cha sakafuni. Hapo kikatie eneo lake peke yake kwenye programu. Kivuli hichohicho cha Zawadi kinapita kama nusu mita nyuma ya mjomba. Akirudi nyuma hatua moja anaingia ndani yake. Mwambie kabla, asijikute amejifunza kwenye teki ya tano.

Mwanga wa anga ndio unaojaza vivuli. Ni mpana, laini na wa samawati kidogo. Uige kwa kitambaa cheupe kikubwa au taa laini juu na upande wa kulia, ukiiongeza polepole mpaka kadi ya kijivu iliyogeuzwa kivulini isome f/2 wakati upande wa jua unasoma f/5.6. Stopu tatu, kama paani. Hapa wengi hutia mwanga wa kujaza kupita kiasi kwa sababu uso unapendeza zaidi kwenye monita. Ukibandikwa kwenye pleti, uso huo utaonekana umepigwa studio.

Rangi ilinganishe kwa kadi, usilinganishe kwa jicho. Kamera iko kwenye 5600 K kama paani. Weka fremu ya yule mtu wa pleti kando ya picha ya studio, ushushe K za taa kuu mpaka kadi mbili zifanane. Jua la chini huwa la njano kidogo kuliko 5600 K.

Mpangilio wa kamera na jaribio

Rekodi kwa 4:2:2 10-bit kama kamera inaweza. 4:2:0 hubeba taarifa chache za rangi na kingo za nywele huwa za ngazi ngazi. ISO iwe ya chini kadiri taa zinavyoruhusu, na ukali wa ndani ya kamera upunguzwe hadi mwisho, maana huchora mstari mweupe kuzunguka mwili. Kwa fremu 25 kwa sekunde, shata ibaki 1/50 kama ya pleti.

Kabla ya teki ya kwanza, peleka picha ya kamera kwenye kompyuta, fungua OBS, programu ya kuchanganya picha za video papo hapo, weka pleti chini na kamera juu yake, kisha iongezee kamera kichujio cha Chroma Key. Hautakuwa mkato wa mwisho, lakini utaona makosa yote ambayo bado yanatibika. Rudisha yule mtu wa paani kwenye alama, akiwa na utepe uleule kifuani kwenye mita 1.2. Utepe ugonge mstari wa upeo wa pleti. Geuza picha kati ya mtu wa paani na mtu wa studio: kivuli cha pua kielekee upande uleule na kiwe na urefu uleule. Kivuli cha pua kikiwa kifupi, taa iko chini mno. Kikishuka mpaka mdomoni, iko juu mno.

Baada ya hapo waite waigizaji, wageuke kutazama M1 na M2 huku mnara ukionekana kwenye OBS, na usogeze tepe mbili kwa pamoja mpaka nyuso zao zielekee mnarani. Rekodi sekunde tano za kitambaa kitupu bila mtu. Programu nyingi za kukata kijani hutumia fremu hiyo kufuta tofauti ndogo za mwanga. Kisha anza teki ya kwanza.